Zawadi kwa Mpenzi wa Kahawa au Chai: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wanunuzi wa Arusha na Moshi

Mimi mwenyewe sinywi kahawa. Nitajuaje cha kumnunulia mtu anayeipenda?

Anzia jikoni kwake kabla ya kwenda dukani. Unahitaji kujua mambo matatu tu, yaani anatengeneza kahawa kwa chombo gani, ana kitu cha kusagia au hana, na kama anaweka maziwa na sukari. Zawadi nyingi za kahawa zinazoishia juu ya kabati hazikuharibiwa na bei wala ubora wake, bali hazikuoana na vyombo alivyonavyo mwenyewe. Nalisema hili kwa uzoefu, kwa kuwa mwaka wa kwanza wa ndoa yangu nilimpelekea baba mkwe nusu kilo ya punje nzuri sana, naye hakuwa na cha kusagia. Mama aliishia kuzitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, na kikombe cha kwanza tulikinywa kwa heshima zaidi kuliko kwa raha.

Ikiwa zawadi ni ya siri, muulize mtu wa nyumba ile. Swali la kawaida kama “Shemeji, huyu bwana asubuhi kahawa yake anapikia nini?” hupata jibu lote unalolihitaji, na mara nyingi utaambiwa hata kile ambacho kimevunjika na hakijanunuliwa kingine.

Ninunue kahawa ya punje au iliyosagwa?

Kwa mwenye mashine ya kusagia, nunua punje bila kusita. Kahawa ikishasagwa, harufu yake huanza kutoka hapohapo, na baada ya wiki mbili hivi pakiti iliyofunguliwa hubaki na uchungu na rangi bila ule utamu wa mwanzo. Punje nzima, zikiwekwa kwenye chombo kisichopitisha hewa, mahali pasipo na joto wala mwanga, hubaki nzuri kwa mwezi mmoja au zaidi tangu kukaangwa.

Asiye na cha kusagia mpelekee iliyosagwa, lakini isagwe siku unayonunua na kulingana na chombo chake. Wakaangaji wengi wa hapa watakusagia ukiwaomba. Mwambie muuzaji jina la chombo badala ya kusema “saga kawaida”, kwa sababu kahawa ya frenchi presi, yaani birika la kioo lenye chujio linalosukumwa kwenda chini, husagwa chengachenga kama chumvi ya mawe iliyovunjwavunjwa, ile ya birika la moka, yaani birika la chuma la jikoni ambalo mvuke husukuma maji yapande kupitia kahawa, huwa laini karibu na chumvi ya mezani, na ile inayochemshwa kwenye dele kwa mtindo wa pwani huweza kuwa laini zaidi ya hapo.

Pakiti ina tarehe ya mwisho wa matumizi ya mwaka ujao. Je, hiyo inatosha?

Haitoshi. Tarehe hiyo inasema kahawa haitakudhuru, lakini haisemi kama bado ina ladha. Unachotafuta ni tarehe ya kukaangwa. Kahawa iliyokaangwa jana haijatulia, maana bado inatoa hewa ya kaboni kwa wingi, ndiyo maana pakiti nzuri huwa na kitundu kidogo chenye vali upande wa mbele kinachoruhusu hewa itoke bila nyingine kuingia. Pakiti isiyo na vali ikifungiwa kahawa iliyokaangwa jana huvimba kama mto. Kwa zawadi, chagua kahawa yenye siku tano hadi wiki mbili tangu kukaangwa, ili mpokeaji aifungue ikiwa katika ubora wake na abakiwe na muda wa kuinywa.

Kama pakiti haina tarehe hiyo kabisa, nunua ndogo uijaribu nyumbani kwanza. Mwagia kahawa iliyosagwa maji ya moto kidogo, kiasi cha kuilowesha tu, kisha itazame. Iliyo mpya huumuka na kutoa povu kama hamira inapoanza kazi, ilhali iliyochakaa hulowa na kutulia kama udongo. Pua nayo husaidia, kwani kahawa ya zamani, hasa iliyokaangwa sana, hunuka mafuta ya karanga yaliyokaa. Niliwahi kununua pakiti ya kupendeza yenye picha ya mlima kwenye duka moja la zawadi mjini, na harufu hiyo ndiyo iliyonipokea nilipoifungua. Picha ya Kibo haina tarehe.

AA, A, B na PB zinamaanisha nini? Je, AA ndiyo bora?

Hizo ni daraja za ukubwa na umbo la punje baada ya kukobolewa na kupitishwa kwenye chekecheke. AA ni punje kubwa, A na B hufuata kwa kushuka ukubwa. PB ni punje za mviringo. Kwa kawaida tunda la kahawa hubeba mbegu mbili zilizolazana kifua kwa kifua, na ndiyo maana kila moja ina upande bapa; mara chache mbegu moja tu ndiyo hukua na kujaza nafasi yote, nayo huwa ya duara kama njegere ndogo. Hizo huchambuliwa na kuuzwa peke yake, na Tanzania inajulikana nje kwa PB yake.

Kwa hiyo, AA si cheti cha ladha. Punje kubwa kutoka shamba lililovunwa ovyo haiwezi kuishinda B iliyochumwa ikiwa nyekundu na kuoshwa vizuri. Hata hivyo, kwa zawadi napenda PB kwa sababu nyingine kabisa: ina cha kusimulia. Mimina punje chache kwenye kiganja cha mpokeaji pamoja na punje za kawaida, na mazungumzo yataanza yenyewe.

Ipi ni bora, iliyokaangwa kidogo au iliyokaangwa sana?

Inategemea mnywaji anavyokunywa. Arabika ya miteremko ya Kilimanjaro na Meru ina uchachu mzuri wa matunda, na uchachu huo huonekana zaidi kahawa ikikaangwa kwa wastani, rangi ikiwa ya kahawia isiyong'aa. Anayekunywa bila maziwa ataufurahia. Lakini mtu aliyelelewa na kahawa chungu ya vikombe vidogo na kashata, au anayejaza nusu kikombe kwa maziwa, atasema kahawa hiyo “ina ndimu” na hatarudia. Huyo mpelekee iliyokolea, ila epuka ile iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi na kuchuruzika mafuta, kwa sababu mafuta yaliyotoka nje ya punje ndiyo yanayoharibika upesi.

Ninayempa analima kahawa Marangu. Si nitakuwa ninapeleka maji baharini?

Swali hili ni zuri kuliko linavyoonekana. Kahawa imelimwa Kilimanjaro tangu wamisionari walipoipanda Kilema mwaka 1898, vyama vya ushirika vilijengwa juu yake, na hadi leo Bodi ya Kahawa ina makao yake Moshi, ambako mnada wa kahawa umefanyika kwa miaka mingi. Pamoja na yote hayo, sehemu kubwa ya mazao huuzwa nje, na katika nyumba nyingi zilizozungukwa na mibuni utakaribishwa chai ya maziwa, au kahawa ya unga ya kopo inayotengenezwa Bukoba. Mkulima huuza kahawa ikiwa bado na ganda lake la ndani, hivyo ile anayoijua vizuri kuliko mtu yeyote shambani huenda hajawahi kuinywa ikiwa imekaangwa na kusagwa ipasavyo.

Kwa mtu kama huyo, acha pakiti na upeleke chombo. Mashine ya kusagia ya mkono pamoja na frenchi presi itamwezesha kukoboa kiasi kidogo kwenye kinu, kukaanga kwenye chungu au kikaango kizito huku akikoroga bila kuacha, na kuonja shamba lake mwenyewe. Wanaotembeza wageni Materuni huonyesha kazi hii yote kwa kinu, mchi na chungu, kwa hiyo hakuna kitu cha kigeni hapo isipokuwa usagaji ulio sawasawa.

Frenchi presi au birika la moka, nichague lipi?

Kwa anayeanza, chagua frenchi presi. Birika hilo halihitaji karatasi za kuchujia, ambazo si rahisi kuzipata kila mahali, na halihitaji ujuzi. Udhaifu wake ni kioo, hasa kikioshwa kwenye karo la saruji, na chujio lililolegea pembeni ambalo huacha machicha yapite. Dukani, vuta mti wake juu na chini ukiwa umelishika birika: chujio liguse kuta pande zote bila kukwama. Mpokeaji akiweka kahawa iliyosagwa laini sana, mti utakataa kushuka, na hapo asilazimishe, maana kioo kinaweza kupasuka na maji ya moto yakamrukia.

Birika la moka hutoa kahawa nzito na kali, na huvumilia miaka mingi likibadilishiwa mpira wake. Lakini uliza kwanza kuhusu jiko. La aluminiamu halifanyi kazi kwenye jiko la umeme la induksheni. Kwenye jiko la gesi, birika dogo la vikombe vitatu mara nyingi huwa na kitako chembamba kuliko nafasi kati ya vyuma vya jiko, likayumba na kuanguka. Nunua na kichuma cha kuliegemeza, au chukua la vikombe sita. Kwenye jiko la mkaa linapika, ila moto ukiwa mpana huyeyusha mkono wake wa plastiki.

Mashine ya kusagia ina ulazima gani? Blenda ya nyumbani haitoshi?

Blenda hukata, haisagi. Baada ya sekunde ishirini utakuta vumbi chini na vipande vikubwa juu, na maji yakipita humo vumbi hutoa uchungu wote huku vipande vikiwa bado havijatoa chochote ila uchachu, vyote kwenye kikombe kimoja. Mashine yenye meno mawili yanayosagana, yawe ya chuma au ya kauri, hupitisha punje kwenye mwanya mmoja uliowekwa kwa skrubu, na hivyo chenga hutoka zikilingana. Kama bajeti inaruhusu kitu kimoja tu cha kudumu, mimi hununua hiki.

Ukiwa dukani, shika mkono wa kuzungushia uutikise. Ukicheza sana, meno nayo yatacheza na usagaji utakuwa kama wa blenda. Ikiwezekana saga punje chache juu ya karatasi nyeupe na uangalie: chenga kidogo na vumbi kidogo ni kawaida, lakini mchanganyiko wa unga na nusu punje si kawaida. Za umeme zenye meno mazuri zipo, ila huanzia kwenye bei ambayo ni ya harusi au ya kustaafu.

Nina shilingi laki moja na ishirini. Nitazitumiaje?

Nichukue mfano wa mwisho nilioshiriki. Rafiki yangu wa Arusha alimtafutia zawadi shemeji yake, mwalimu anayekaa Moshi, ambaye hunywa kikombe kimoja kikubwa kabla watoto hawajaamka. Anapikia gesi, haweki maziwa, na hakuwa na chombo chochote zaidi ya sufuria na chujio la chai. Bei nilizotumia ni za siku hiyo, na zako zinaweza kupishana nazo kidogo.

Tulichukua mashine ya mkono yenye meno ya kauri kwa elfu sabini, frenchi presi ya kioo ya nusu lita kwa elfu thelathini, na robo kilo ya punje zilizokaangwa kwa wastani siku sita kabla, kwa elfu kumi na mbili. Zilizobaki elfu nane zilinunua kopo lenye mfuniko wa mpira unaobana. Kikombe chake huchukua gramu 15, hivyo robo kilo ilimtosha kwa siku kumi na sita, na hakukuwa na muda wa kahawa kuchakaa. Ndiyo sababu sikushauri pakiti ya kilo nzima kwa mtu anayekunywa peke yake, hata kama kwa hesabu ya bei inaonekana nafuu.

Angekuwa na elfu hamsini tu, tungeacha mashine, tukanunua frenchi presi na robo ileile ikiwa imesagwa chengachenga dukani. Angekuwa na elfu ishirini, ningesema asiguse vyombo vya bei ya chini visivyo imara. Achukue pakiti mbili ndogo kutoka mashamba mawili tofauti, moja ya Kilimanjaro na moja ya Arusha, ili mwalimu azilinganishe. Na kama angekuwa na laki tatu, fedha zote za ziada ningezielekeza kwenye mashine iliyo bora, wala si kwenye kahawa ghali zaidi.

Na mpenzi wa chai?

Uliza kwanza kama ni wa chai ya maziwa au chai ya rangi, kwa kuwa majani yake si mamoja. Chai nyingi inayouzwa madukani, iwe ya Mufindi, Rungwe, Njombe au Usambara, hutengenezwa kwa kusagwa na kuviringwa hadi iwe punje ndogo nyeusi. Hutoa rangi haraka na ina nguvu ya kushindana na maziwa, sukari na tangawizi. Kwa mnywaji huyo, pakiti nzuri ya punje hizo pamoja na viungo vizima, yaani iliki kwenye maganda yake, vijiti vya mdalasini na karafuu, ni zawadi bora kuliko masala yaliyokwisha kusagwa, ambayo hupoteza harufu kama kahawa inavyoipoteza. Ongeza kinu kidogo na mchi wake kama hana.

Anayekunywa chai ya rangi bila maziwa mtafutie majani marefu yaliyosokotwa bila kusagwa. Haya hayachemshwi sufuriani. Humwagiwa maji yaliyotoka kuchemka, yakafunikwa dakika tatu hadi tano, kisha yakachujwa. Hapa mwinuko wetu una neno lake. Arusha, kwenye mita kama 1400, maji huchemka karibu nyuzijoto 95, na Moshi karibu 97, badala ya 100 za pwani. Kwa kahawa joto hilo ni jema sana, lakini majani meusi hupenda maji ya moto kabisa, hivyo yaache dakika moja zaidi kuliko pakiti inavyosema na ulipashe birika joto kwanza. Chai ya kijani ni kinyume chake: maji yapoe hadi nyuzi 80 hivi, na dakika mbili zinatosha, la sivyo itakuwa chungu.

Kwa vyombo, birika lenye kikapu kirefu cha chujio ndani yake ni bora kuliko lile duara dogo la chuma linalofungwa kama ganda la njugu, kwa sababu majani marefu hutanuka mara kadhaa na yakibanwa hayatoi ladha. Na usiidharau chupa ya chai ya kawaida. Kwa mama anayepokea wageni tangu asubuhi, chupa imara ya lita mbili yenye kioo ndani na kizibo kisichovuja hutumika kila siku. Mkumbushe tu achuje majani kabla ya kumimina, kwa sababu yakikaa humo saa tatu chai huwa kali na ya kukaza ulimi.

Naweza kufunga kila kitu kwenye kapu moja?

Unaweza, lakini chai hunyonya harufu ya jirani yake. Nilishawahi kufunga majani ya chai kwenye karatasi nzuri ya kahawia na kuyalaza kando ya sabuni ya mchaichai, kisha kapu likakaa siku nne kwenye kabati. Bibi aliyelipokea alisema kwa upole kuwa chai yangu inaogesha. Majani yakae kwenye kopo lake, viungo kwenye chupa yake, na kahawa ibaki kwenye pakiti yake hadi siku ya kufunguliwa.

Je, ikiwa ameshauriwa kupunguza kafeini?

Tafuta kahawa iliyoondolewa kafeini, ukijua kwamba hubakiwa na kiasi kidogo. Mchaichai na rozela hazina kafeini kabisa. Kwa aliyekatazwa na daktari, chagua hizo mbili.

Niandike nini kwenye kadi?

Baada ya salamu, andika vipimo, kwa maana mpokeaji hatakupigia simu saa kumi na mbili asubuhi. Kadi tuliyompelekea mwalimu ilisomeka hivi: “Saga vijiko vitatu vya chakula vilivyo sawa mdomo, chengachenga. Mwagia maji yaliyotoka kuchemka, robo lita. Koroga mara moja, funika, subiri dakika nne, sukuma polepole. Ikiwa chungu, saga chenga kubwa zaidi kesho. Ikiwa chachu na nyepesi kama maji, saga ndogo zaidi. Imekaangwa tarehe 3. Imalizike kabla mwezi haujaandama mwingine.”